Neno “Sawa” Peke Yake Halitoshi Kutuambia Kwamba Mwenzetu Amekasirika

Ugomvi mwingi wa kazini siku hizi hauna kelele. Mtu anamwandikia mwenzake ujumbe wa mistari minne, wenye salamu, maelezo na “tafadhali”, kisha anajibiwa neno moja: “Sawa.” Anaisoma mara ya kwanza, anaisoma mara ya pili, na kabla hajalala amekwisha kuamua kwamba mwenzake amekasirika. Asubuhi anamsalimu kwa ubaridi. Mwenzake, ambaye jana hakuwa na neno, anaanza kujiuliza amekosa nini. Kufikia saa nne ya chai hasira ambayo jana haikuwapo sasa ipo kweli.

Sisi tulio katika masomo ya falsafa, na baadhi yetu tumewahi kufundisha shuleni kabla ya kufika hapa, tunaona swali hili linastahili kuchukuliwa kwa uzito kuliko kawaida. Wengi hulijibu kwa shauri jepesi: “Mdhanie mema, endelea na kazi.” Hatukubaliani na shauri hilo kwa ukamilifu wake. Kudhania mema ni sawa kwa upande wa hukumu, lakini kuna upande wa pili, yaani namna ya kujibu, na hapo kudhania mema peke yake kunaweza kuwa njia ya kukwepa. Huyo mwenzetu huenda ana jambo la haki la kulalamikia.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Ni Jumatano, saa 3 na dakika 10 usiku. Mwalimu wa taaluma wa shule ya sekondari anamwandikia mwalimu wa Hisabati, mama aliyemzidi umri na aliyekaa shuleni hapo miaka mingi kuliko yeye: “Habari za jioni Mwalimu. Nimekubadilishia zamu ya kusimamia mtihani wa majaribio Jumamosi. Utaanza saa 2 asubuhi badala ya saa 5. Tafadhali zingatia.” Saa 3 na dakika 12 jibu linaingia: “Sawa.” Kuna neno moja na nukta yake. Hakuna salamu wala “Mwalimu”, na hakuna “usiku mwema”.

Je, amekasirika?

Jambo la kwanza ni kuusoma tena ujumbe wetu wenyewe kabla ya kulisoma jibu lake. Mwalimu wa taaluma hakuuliza swali lolote. Alitoa taarifa, akaomba izingatiwe. Kwa taarifa ya namna hiyo “sawa” ni jibu kamili, halikubakiza kitu. Mwanafalsafa Mwingereza Paul Grice, katika makala yake juu ya mantiki na mazungumzo iliyochapishwa mwaka 1975, alionyesha kwamba watu wanaozungumza hutarajiana kusema kiasi kinachotakiwa, kisichopungua wala kuzidi. Mtu akisema pungufu ya kinachotakiwa, msikilizaji huanza kutafuta sababu, na katika kutafuta ndipo anapopata maana ambayo haikutamkwa. Hivyo ndivyo tunavyofika kwenye “amekasirika”. Lakini hatua hiyo ina sharti lake: lazima kweli awe amesema pungufu. Tukimuuliza mtu swali la ndiyo au hapana naye akajibu ndiyo, hakuna upungufu wowote wa kufasiri. Kama tulitaka maelezo, ilitupasa tuulize jambo linalohitaji maelezo.

Hapo mtu wa kwetu atatupinga, na ana haki. Atasema kwamba kwa Kiswahili kipimo si taarifa tu. Sisi tunasalimiana kwa kirefu, tunaitana kaka, dada, mama, mwalimu, na hata kukataa tunakufunika kwa maneno laini. Mtu akiacha “Mwalimu” na “usiku mwema”, ameacha kitu ambacho kila mmoja anajua kilipaswa kuwapo. Ni kweli. Katika jibu fupi la Kiswahili, kinachotuuma huwa ni jina la heshima lililokosekana, wala si uchache wa habari. Kwa hiyo swali la pili linakuwa hili: huyu mtu, kwa kawaida yake, huliweka jina hilo?

Hili linajibika kwa kupandisha mazungumzo juu kwenye simu. Tuangalie majibu yake kumi yaliyotangulia, hasa yale aliyotoa kwa ujumbe wa aina hii hii, wa zamu na ratiba, na wa usiku. Tusilinganishe “sawa” yake na “sawa” yetu. Kuna watu ambao “sawa” ni jibu lao kwa kila kitu, toka habari ya kikao hadi habari ya kupandishwa daraja. Kama mwalimu huyu wa Hisabati katika majibu kumi ameandika “Sawa.” mara saba, hakuna kilichotokea Jumatano usiku. Kama kila mara aliandika “Sawa Mwalimu, nimepokea, usiku mwema” na leo ni “Sawa.” tu, basi kuna badiliko. Badiliko ni habari, ingawa bado hatujui ni habari ya nini.

Mahakama moja ya Kanada iliwahi kufuata njia hiyo hiyo katika jambo lenye fedha nyingi. Mnamo 2021 mnunuzi wa nafaka katika jimbo la Saskachewani alimtumia mkulima picha ya mkataba wa kuuza kitani kwa simu, akamwomba athibitishe. Mkulima akajibu kwa alama ya dole gumba tu. Mzigo haukufika, kesi ikaenda mahakamani. Mkulima alisema dole lile lilimaanisha tu kwamba ameuona ujumbe. Jaji, katika hukumu ya 2023, hakuichambua alama ile peke yake. Alirudi kwenye mikataba ya nyuma kati ya watu hao wawili na kukuta kwamba mkulima alizoea kuithibitisha kwa majibu mafupi mno, ya neno moja au mawili yenye maana ya “sawa” au “ndiyo”, na kila mara mzigo ulifika. Kwa mazoea hayo jaji aliamua kwamba dole lile lilikuwa kukubali, na mkulima akaamriwa kulipa zaidi ya dola 82,000 za Kanada. Kesi ile ilihusu kukubali, haikuhusu hasira, lakini mantiki yake inatufaa: maana ya jibu fupi hukaa katika mazoea ya hao wawili.

Na ile nukta? Vijana wengi wanaiogopa nukta kuliko neno lenyewe. Wapo wataalamu wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Binghamton, katika jimbo la Nyu Yoki, waliolichunguza jambo hili. Waliwapa wanafunzi 126 mazungumzo mafupi ya simu yenye majibu ya neno moja, mengine yakiwa na nukta na mengine bila nukta. Wasomaji waliona majibu yenye nukta kuwa na ukweli wa moyo mdogo kuliko yale yasiyo na nukta. Maneno yale yale yalipoandikwa kwa mkono kwenye karatasi, tofauti hiyo haikuonekana. Matokeo hayo yalichapishwa 2016 na kuenea sana, na tunadhani yamefasiriwa vibaya na wengi. Utafiti ule ulipima alichohisi msomaji. Haukupima alichohisi mwandishi. Tena wasomaji walikuwa wanafunzi wa chuo wa Kimarekani wakisoma Kiingereza. Mwalimu wetu wa Hisabati ni mtu aliyeshinda mchana kutwa akiweka alama nyekundu pale wanafunzi walipoacha nukta. Kwake sentensi isiyo na nukta ni sentensi iliyovunjika. Tena katika simu nyingi za kisasa, ukigusa kitufe cha nafasi mara mbili, nukta inajiandika yenyewe.

Na tukifika kwenye simu, tukumbuke kwamba si wote wanaandika kwa kioo. Anayetumia kiswaswadu hubonyeza namba 7 mara nne kupata “s”, kisha 2, kisha 9, kisha 2 tena: mara saba kwa neno “sawa”. Mtu mwenye mikono ya unga au mtoto mgongoni hataongeza “Mwalimu wangu, nimekuelewa vizuri, Mungu akubariki” kwa vitufe hivyo. Majibu ya dakika mbili baada ya ujumbe, saa 3 usiku, mara nyingi ni majibu ya mtu aliyeinua simu katikati ya kazi nyingine ili asikuache ukisubiri. Ufupi wake unaweza kuwa adabu.

Ziko ishara nyingine ambazo sisi tunaziona nzito kuliko ufupi na nukta. Kwa uzoefu wetu, Mswahili aliyeudhika mara nyingi huongeza neno, hapunguzi. “Sawa” tupu ni jibu. “Sawa tu” ni malalamiko, kwa kuwa hiyo “tu” inakuambia kwamba hakuna njia nyingine aliyoachiwa. “Haya bwana” ni mlango unaofungwa. “Sawa bosi”, ikiandikwa na mtu ambaye wewe si bosi wake, ni mshale. “Kama mlivyoamua” inakuambia wazi kwamba yeye hakuwamo katika kuamua. Tukipata moja ya hayo, hatuna haja ya kupiga ramli, mtu amesema. Lakini “sawa” isiyo na mkia haijasema lolote kati ya hayo, na kuisomea hasira ni kuiongezea mkia sisi wenyewe.

Na hatupaswi kuuamini sana uwezo wetu wa kusikia sauti katika maandishi. Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao walitoa mwaka 2005 matokeo ya majaribio ambamo watu walituma kwa barua pepe sentensi fupi, nyingine za dhati na nyingine za kejeli, na waliozipokea wakatakiwa kutambua ipi ni ipi. Waandishi walitarajia kueleweka kwa karibu asilimia 78. Wasomaji walipatia kwa karibu asilimia 56, jambo ambalo si mbali sana na kurusha sarafu, na hata hivyo walikuwa na hakika kwamba wameelewa. Kama sentensi nzima inatushinda hivyo, neno la herufi nne litatushinda zaidi.

Tumefika hapa tukiwa na vitu viwili tu vya hakika: pengine kuna badiliko katika mazoea yake, na hatujui sababu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilishughulikia jambo hili hili, bila simu, katika Suma ya Teolojia, sehemu ya pili ya pili, swali la 60, anapozungumzia shuku. Anataja ngazi tatu. Ya kwanza ni pale mtu anapoanza kutilia shaka wema wa mwingine kwa dalili ndogo. Hiyo anaiona kuwa kosa dogo, kwa maana ni udhaifu ambao maisha ya binadamu hayaepukani nao. Ya pili ni pale anapoushika ubaya wa mwenzake kuwa ni hakika kwa dalili hizo hizo ndogo. Ya tatu ni pale mwenye mamlaka anapoadhibu kwa msingi wa shuku.

Tukizileta ngazi hizo shuleni zinaonekana wazi. Mwalimu wa taaluma anayejiuliza kitandani “au amekasirika?” yuko ngazi ya kwanza, na hakuna wa kumlaumu. Akituma picha ya jibu lile kwa mwalimu mwingine na maneno “ona mama huyu anavyonijibu”, ameingia ya pili, tena amemvuta na mwenzake. Wiki ijayo akipanga ratiba na kumpa mama huyo vipindi vya mwisho vya Ijumaa ili “ajifunze”, yuko ya tatu. Tatizo la neno moja ni kwamba mteremko kutoka ngazi ya kwanza hadi ya tatu ni mfupi sana, hasa kwa mwenye kalamu ya ratiba mkononi.

Tomaso anaendelea kusema kwamba penye shaka mwenendo wa mtu ufasiriwe kwa upande ulio bora, na kwamba ni afadhali kukosea mara nyingi kwa kumdhania mema mtu mbaya kuliko kukosea mara chache kwa kumdhania mabaya mtu mwema. Wengi huishia hapo. Lakini katika sehemu ile ile, akijibu pingamizi la tatu la kifungu cha nne, anaongeza jambo ambalo tunaona ndilo ufunguo. Anasema kuna tofauti kati ya kuhukumu na kutibu. Katika kuhukumu tuelekee upande wa wema. Katika kuandaa dawa inafaa tuchukulie kwamba hali ni mbaya zaidi, kwa sababu dawa inayoweza ugonjwa mkubwa itauweza na mdogo.

Kwa lugha ya chumba cha walimu: mwalimu wa taaluma ashike kwamba mama yule hajakasirika, na ajibu kama mtu aliyejua kwamba huenda amemkwaza.

Ili ajue dawa ya nini, arudi kwa Aristotle. Katika kitabu cha pili cha Retorika, Aristotle anaieleza hasira kuwa ni hamu, yenye maumivu ndani yake, ya kulipiza dharau iliyoonekana na ambayo mtu hakuistahili. Hasira, kwa maelezo hayo, daima ina dharau nyuma yake, ya kweli au ya kudhaniwa. Basi badala ya kuuliza “moyo wake ukoje?”, jambo tusiloweza kuliona, tunauliza “katika ujumbe wangu kuna kitu ambacho mtu wa haki angekiona kuwa dharau?” Hilo tunaweza kuliona, limeandikwa pale. “Nimekubadilishia zamu.” Mwalimu kijana amembadilishia mwalimu mkubwa kwake siku ya Jumamosi, akamrudisha nyuma saa tatu nzima, hakumuuliza, hakueleza sababu, na akamalizia na “zingatia”, neno ambalo sisi humwambia mwanafunzi. Hata kama mama yule ana amani kabisa, ujumbe ule ulikuwa na kasoro, na kasoro hiyo inaweza kurekebishwa bila kujua hali ya moyo wake.

Sasa jibu. Lisiandikwe usiku ule. Seneka, katika kitabu chake juu ya hasira, aliona kuchelewa kuwa ndiyo tiba kuu ya hasira, na hilo linahusu pia hofu ya anayedhani amekasirikiwa. Mtihani ni Jumamosi na leo ni Jumatano. Hakuna kinachoharibika hadi asubuhi. Mwalimu wa taaluma ajiulize tu: ni lini ratiba lazima ibandikwe? Kama ni Alhamisi saa 6 mchana, ana muda hadi hapo. Kama ingekuwa mtihani ni kesho saa 2, angepiga simu papo hapo, kwa kuwa katika dharura sauti ni bora kuliko maandishi.

Asubuhi aandike kitu cha namna hii: “Shikamoo Mwalimu. Asante kwa kupokea. Nilipaswa kukuuliza kwanza kabla ya kubadilisha. Sababu ni kwamba mwalimu wa zamu ya saa 2 ana ruhusa ya hospitali. Najua saa 2 ni mapema kwa anayetoka mbali. Kama ni vigumu, niambie kabla ya saa 5 leo, nitampanga mwingine. Ratiba naibandika saa 6.”

Tuuangalie ujumbe huo unafanya nini. Haumuulizi kama amekasirika. Unaitaja kasoro ya jana kwa sentensi moja, bila kuirudia. Unatoa sababu ambayo jana haikutolewa. Unautaja mzigo wake halisi, yaani mapema na umbali. Halafu unampa nafasi ya kukataa yenye saa yake, na nafasi hiyo lazima iwe ya kweli: kama hakuna mwalimu mwingine wa kupangwa, mstari huo usiandikwe, kwa sababu kumpa mtu uchaguzi usiokuwapo ni dharau ya pili. Kama mama hakuwa na hasira, hajapoteza kitu. Amepata maelezo mazuri. Kama alikuwa nayo, amepata mlango wa kupitia bila kuaibika.

Kwa nini tunalikataa lile swali “Mwalimu, umekasirika?” ambalo wengi huliona kuwa la uwazi na la kidugu? Kwanza, kwa maandishi, jibu lake karibu daima ni “Hapana.”, na sasa tuna neno moja la pili la kufasiri. Pili, linahamisha mzigo: aliyebadilishiwa zamu ndiye sasa anayetakiwa kueleza hisia zake, wakati aliyeibadilisha anasubiri kutulizwa. Mfululizo wa “samahani kama nimekukwaza, samahani sana, nisamehe” una kasoro hiyo hiyo, kwa kuwa unamlazimisha aliyeumizwa amfariji aliyemuumiza. Na kumrudishia “Sawa.” yake ili aone inavyouma, hilo halihitaji mjadala.

Baada ya ujumbe ule wa asubuhi, mambo matatu yanaweza kutokea. Anaweza kujibu kwamba hakuna shida, jana alikuwa jikoni, basi yameisha. Anaweza kusema kwamba kweli Jumamosi asubuhi ana jambo, na kwamba si mara ya kwanza zamu yake kubadilishwa bila kuulizwa. Hapa ndipo kazi ya upole inapoanza, kwa sababu sasa hasira imesemwa. Mwalimu wa taaluma asikimbilie kujitetea kwamba ratiba ni ngumu na walimu ni wachache, hata kama ni kweli. Akiri lililo kweli katika alilosema, abadilishe zamu kama alivyoahidi, na amwambie utaratibu wa kuanzia sasa, kwa mfano kwamba hatabadilisha zamu ya mtu kabla ya kumpigia. Aristotle, aliyeuhesabu upole kuwa fadhila, alisema pia kwamba asiyekasirika kabisa pale panapostahili ana upungufu. Mama aliyelalamika kwa zamu tatu zilizobadilishwa hajakosa upole.

La tatu ni kwamba anaweza kujibu tena: “Sawa.” Wengi hapa hukata tamaa. Sisi tunaona kwamba hapa simu imemaliza kazi yake. Mwalimu wa taaluma amtafute uso kwa uso, wawili tu, mbali na meza ya chai, amsalimu kama kawaida, kisha aongee juu ya tendo: “Mwalimu, juzi nilibadilisha zamu yako bila kukuuliza. Ningependa kujua uliipokeaje.” Ataona uso na kusikia sauti, vitu ambavyo nukta haiwezi kuvibeba. Na kama mama atasema, kwa uso mkunjufu au mkavu, kwamba hana neno, mwalimu wa taaluma alipokee hilo na anyamaze. Mtu ana haki ya kuwa na hasira asiyotaka kutueleza, na ana haki ya kuimaliza peke yake kwa muda wake. Kumfuatafuata hadi akiri ni kumnyima vyote viwili.

Baada ya hapo tunatazama matendo tu. Kama Jumamosi anafika saa 2, anasalimu, anasaini karatasi za mtihani na kumuuliza mwenzake juu ya matokeo ya timu yake, ile “sawa” ilikuwa sawa. Kama anaacha kuitikia salamu ya mtu mmoja tu na kumtumia maagizo kupitia mwalimu wa tatu, kuna jambo kati yao wawili, na pengine wamhitaji mwalimu mkuu au mzee mmoja wanayemheshimu wote. Lakini kama majibu yake yamefupika kwa watu wote, na kwa majuma kadhaa, basi huenda hilo halihusu zamu wala mwalimu wa taaluma. Katika hali hiyo ujumbe unaofaa hauna ratiba ndani yake: “Shikamoo Mwalimu, za nyumbani?”